Je, wajua kwa nini hatua ndogo mno huharibu kasi inayokokotolewa kutoka kwenye jedwali?

*“Tulifundishwa kwamba derive hupatikana pale h inapokaribia sifuri. Mbona nikipunguza hatua kwenye jedwali langu la maji yanayopoa, jibu linazidi kuwa baya?”* (mwanafunzi, Bukavu)

Somo la darasani huchukulia kwamba kila thamani ya joto inajulikana kikamilifu, kwa tarakimu zisizo na mwisho. Kipimajoto cha kidijitali kilichotumbukizwa ndani ya sufuria huonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta, na tarakimu zote zinazofuata hupotea kabla hujaandika lolote. Kiasi hicho kilichopotea ni kidogo ukikilinganisha na joto lenyewe, lakini si kidogo ukikilinganisha na tofauti kati ya masomo mawili ya kipimajoto yaliyopishana kwa sekunde chache.

Ili tuweze kulipima kosa, nimetengeneza jedwali ambalo jibu lake la kweli najua. Maji yana digrii 80 yanapoepuliwa kwenye makala, chumba kina digrii 20, ambayo si ajabu kwa jioni ya Bukavu, na joto linashuka kwa kanuni ya Newton ya upoaji: T = 20 + 60·e^(−t/25), ambapo t ni dakika. Kisha kila thamani nimeikaribisha kwenye sehemu ya kumi ya digrii, kama kipimajoto kinavyofanya.

| t (dakika) | T (digrii) |
|---|---|
| 10 | 60.2 |
| 15 | 52.9 |
| 18 | 49.2 |
| 19 | 48.1 |
| 20 | 47.0 |
| 21 | 45.9 |
| 22 | 44.9 |
| 25 | 42.1 |
| 30 | 38.1 |

Tunatafuta kasi ya kupoa katika dakika ya 20. Kanuni yenyewe inatoa digrii 1.078 kwa dakika, na hilo ndilo jibu ambalo jedwali linapaswa kulifikia. Njia nzuri ni tofauti ya katikati: chukua joto la hatua h kabla ya dakika ya 20, toa joto la hatua h baada yake, kisha gawanya kwa 2h. Kwa h = 10 tunapata (60.2 − 38.1)/20, yaani 1.105. Kwa h = 5 tunapata (52.9 − 42.1)/10, yaani 1.08. Kwa h = 2 ni 1.075. Hadi hapo somo la darasani linatimia vizuri, lakini kwa h = 1 jibu linaruka hadi 1.10, na ukisoma kila robo dakika, kipimajoto kitaonyesha 47.2 kisha 46.7, ambayo inatoa 1.0 kamili.

Sasa tushuke hadi sekunde moja. Sekunde moja kabla ya dakika ya 20 maji yana digrii 46.978, na kioo kinaandika 47.0, sekunde moja baadaye yana 46.942, na kioo kinaandika 46.9. Maji yamepoteza chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya digrii, lakini jedwali linadai yamepoteza sehemu ya kumi nzima ndani ya sekunde mbili, yaani digrii 3 kwa dakika. Ukirudia hesabu hiyohiyo sekunde tatu baadaye, masomo yote mawili ni 46.9, na kasi inakuwa sifuri. Kwa hatua hiyo, jedwali haliwezi kutoa jibu lolote lililo kati ya sifuri na tatu, hata ukiwa makini namna gani.

Kuna makosa mawili yanayovutana hapa. La kwanza naliita kosa la hatua: mstari ulionyooka kati ya nukta mbili haufuati kabisa mpindo wa kweli, na kwa tofauti ya katikati kosa hilo ni takribani h²/6 mara ukubwa wa derive ya tatu. Ukipunguza hatua kwa nusu, linabaki robo. La pili ni kosa la tarakimu: kila somo linaweza kukosea kwa hadi 0.05, masomo mawili kwa hadi 0.1, na ukigawanya kwa 2h unapata 0.05/h. Hili huongezeka maradufu kila unapopunguza hatua kwa nusu. Jumla ya makosa hayo mawili huwa ndogo kabisa pale h inapolingana na kipeuo cha tatu cha 3e/M, ambapo e ni kosa la somo moja, hapa 0.05, na M ni ukubwa wa derive ya tatu. Kwa maji yetu M ni 0.0017, hivyo hatua bora ni kama dakika 4.4, na kosa kubwa kabisa linalowezekana ni takribani 0.017. Kwa h = 1 kikomo hicho ni 0.05.

Msomaji makini atauliza: h = 2 ilikosea kwa 0.003 tu, mbona kikomo chake ni 0.026? Ni bahati, kwa sababu makosa ya masomo yote mawili yalitokea kuwa madogo, kama 0.005 na 0.013, chini sana ya 0.05. Nisingeitegemea bahati hiyo katika dakika ya 23.

Kwa kawaida hujui M, lakini jedwali lenyewe linaweza kuikisia. Kwa hatua ya dakika 5, jumlisha 38.1 − 2(42.1) + 2(52.9) − 60.2, utapata −0.5; gawanya kwa 2h³, yaani 250, upate −0.002. Ni kadirio la mkono tu, maana makosa ya tarakimu yanaweza kuichezea ile 0.5 kwa zaidi ya nusu yake, lakini kipeuo cha tatu kinasamehe mengi: ukitumia 0.002, hatua bora inakuwa dakika 4.2.

Hata bila hesabu hiyo, dalili inaonekana. Panga majibu kwa hatua zinazopungua: 1.105, 1.08, 1.075, 1.10, 1.0. Mwanzoni majibu yanakaribiana, na hapo kosa la hatua ndilo linalotawala. Yanapoanza kurukaruka, umeshaingia katika eneo la tarakimu na unapaswa kurudi nyuma. Derive ya pili inafika huko mapema zaidi, kwa kuwa inagawanywa kwa h²: kwa h = 1 jedwali linatoa 48.1 + 45.9 − 94.0, yaani sifuri, kana kwamba mpindo haupo, ilhali kwa h = 5 linatoa 0.04, karibu sana na 0.043 ya kweli.

Wapo watakaofikiri kwamba kipimajoto bora kinamaliza tatizo. Ukinunua kinachoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, e inapungua mara 10, lakini hatua bora inashuka kutoka dakika 4.4 hadi dakika 2 hivi tu, na kikomo cha kosa kinapungua mara 4.6, wala si mara 10. Kusoma kila sekunde kungebaki vibaya: kikomo cha kosa la tarakimu kwa hatua hiyo kingekuwa 0.3, zaidi ya robo ya kasi yenyewe.