Mota ikivuka 50 Hz: kilowati zinabaki, toki inashuka

Wiki iliyopita fundi mwenzangu alinipigia akiwa amekata tamaa: "Kaka, nimefunga inveta, nimetoa gia zote, sasa lezi inakwama kwenye chuma kikubwa. Mota imekufa?"

Mota ya lezi yake, mashine ya kukereza chuma, ilikuwa nzima. Kibati kinasema 2.2 kW, 400 V, 50 Hz, mizunguko 1430 kwa dakika. Alifunga mkanda puli kwa puli zenye ukubwa sawa, akiamini kitufe cha inveta cha kuongeza na kupunguza Hz, yaani mwendo wa mota, kitafanya kazi ya gia. Hakiwezi.

Mota hiyo inatoa toki, yaani nguvu ya kusokota, ya takriban 14.7 Nm. Chini ya 50 Hz inveta hupandisha volti na Hz kwa pamoja: 25 Hz kwa 200 V, 50 Hz kwa 400 V. Kwa hiyo uga wa sumaku ndani ya mota haubadiliki, na toki inabaki ileile 14.7. Ukipunguza mwendo hupati toki zaidi, unapoteza kilowati tu. Kwenye 25 Hz, ile mota ya 2.2 kW imebaki na kama 1.1.

Ukivuka 50 Hz mambo yanageuka. Volti zimeisha, maana inveta haiwezi kutoa zaidi ya inazopokea. Hz zinapanda, volti zimesimama pale 400, na sumaku inadhoofika. Kwenye 100 Hz sumaku imebaki nusu, kwa hiyo kwa ampea zilezile toki ni nusu, kama 7.3 Nm. Lakini mwendo ni mara mbili, na kilowati zinabaki 2.2. Hilo ndilo eneo lenye faida kwa lezi, na mafundi wengi hulikimbia wakidhani wanaiua mota.

Tuangalie kisu kinataka nini. Chukua chuma laini, kina cha 2 mm, kisu kikisogea 0.2 mm kila mzunguko. Kisu kinasukumwa kwa takriban 800 N. Kwa mwendo wa kukata wa mita 100 kwa dakika, kazi hiyo inakula kama 1.3 kW, kipande kiwe kinene au chembamba. Ila kipenyo cha 200 mm kinataka spindo, yaani mhimili unaozungusha kipande, izunguke mara 159 kwa dakika na toki ya 80 Nm, na kipenyo cha 50 mm kinataka mizunguko 637 na 20 Nm tu. Sasa linganisha 80 na zile 14.7 alizokuwa nazo mwenzangu. Ndiyo maana ilikwama.

Nilimshauri arudishe gia mbili, moja ya 6 kwa 1 na nyingine ya 3 kwa 1. Kwenye ya kwanza, mota ikiwa 50 Hz spindo inazunguka mara 238 ikiwa na 88 Nm. Ile kazi ya 200 mm inafanyika mota ikiwa karibu 33 Hz, na toki inatosha. Mota ikipandishwa hadi 100 Hz, spindo inafika kama 476. Na hapohapo ndipo gia ya pili inapoanzia: 50 Hz yake ni 477, 100 Hz yake ni kama 953. Kutoka 238 hadi 953 mkerezaji ana kilowati zote 2.2 bila pengo. Kwangu mimi huo ndio mpangilio sahihi: hatua ya gia isizidi upana wa eneo la kilowati zisizobadilika.

Upana huo una mwisho. Kila mota ina toki ya juu kabisa ambayo ikipitwa inasimama. Kwa hii tuseme mara 2.8 ya ile ya kibati, kama 41 Nm. Hiyo haipungui kwa nusu sumaku ikiwa nusu, inapungua hadi robo. Kwenye 100 Hz imebaki kama 10, na tunahitaji 7.3, kwa hiyo bado tuko salama. Kwenye 150 Hz imebaki 4.6, wakati 2.2 kW zinahitaji 4.9. Mota itazunguka vizuri ikiwa tupu, kisu kikigusa tu inaachia. Utaitambua kwa ampea: mota ikiachia, ampea zinaruka na inveta inakata. Mkanda ukiteleza, spindo inapungua mwendo lakini ampea hazipandi hivyo.

Jioni akanipigia tena: gia zimerudi, lakini lezi ni dhaifu hata kwenye 50 Hz. Nikamwambia asome volti za kutoka kwenye skrini ya inveta. Zilikuwa 200. Alipopandisha Hz za mwisho hadi 100, alipandisha na Hz za msingi pia, kwa hiyo inveta ilikuwa inangoja 100 Hz ndipo itoe 400 V. Mota ilikuwa na nusu ya sumaku tangu chini. Akarudisha za msingi kuwa 50, akaacha za mwisho 100, na kipande cha 200 mm kikakatika.