Kabla hujanunua Primogem, hesabu piti yako

Kwenye mchezo wa Genshin Impact, Primogem ndizo zinazolipia mivuto, yaani droo za bahati za kupata wahusika, na nyota 5 ndiyo daraja la juu. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nimebakiza mivuto kidogo tu kufika 90, niongeze hela?" Jibu liko kwenye vitu viwili: piti yako, yaani idadi ya mivuto tangu nyota 5 ya mwisho, imefika ngapi, na mara ya mwisho ulipata nani.

Tuanze na asilimia. Ukigusa `Details` kwenye bango la mhusika, yaani droo ya muda ya mhusika fulani, utakuta namba mbili za nyota 5: 0.6 na 1.6. Wengi hushika 1.6 kwa sababu inapendeza. Hiyo ni wastani wa mivuto mingi mno, piti ikiwa imeshahesabiwa ndani yake. Mvuto mmoja wa kawaida unakupa 0.6, yaani nyota 5 chini ya moja katika kila mivuto 100. Kuvuta kumi kwa mpigo hakubadilishi kitu. Ni mivuto kumi tu iliyofungwa pamoja.

Kinachopandisha wastani ni kaunta ya piti. Ukivuta mara 89 bila nyota 5, ya 90 ni lazima. Ila watu wachache hufika huko. Kampuni haijachapisha jedwali la kila mvuto, lakini rekodi ambazo wachezaji wamezikusanya zinaonyesha kuwa kuanzia mvuto wa 74 nafasi hupanda kwa takriban asilimia 6 kila mvuto: 6.6, 12.6, 18.6, na kuendelea. Hii ndiyo piti laini. Kwa hesabu hiyo, wachezaji kama 64 kati ya 100 hufika mvuto wa 74 mikono mitupu, lakini wanaovuka wa 80 bila kitu ni kama 8 tu.

Hapo ndipo wengi huumia: 90 inakuhakikishia nyota 5, si yule mhusika unayemtaka. Nyota 5 ikitoka, ni kama kurusha shilingi. Ukikosa unapewa mhusika wa kudumu, yaani mmoja wa wale wanaopatikana wakati wote, ambaye huenda hata humtaki, halafu nyota 5 inayofuata ndiyo yenye garantii ya kuwa mhusika wa bango. (Tangu toleo la 5.0 kuna utaratibu unaosukuma wastani wa kumpata mhusika wa bango hadi asilimia 55, lakini usiuwekee bajeti.) Kwa anayeanza sifuri bila garantii, kikomo halisi ni mivuto 180.

Kusoma kaunta, fungua `Wish`, kisha `History`, uchague aina ya bango. Anzia juu, hesabu kila mstari hadi uikute nyota 5 ya mwisho; hiyo yenyewe usiihesabu. Kama ilikuwa mhusika wa bango, huna garantii. Kama alikuwa wa kudumu, unayo. Orodha huchelewa kujazwa, hata saa nzima, kwa hiyo usihesabu ukiwa umetoka kuvuta sasa hivi. Bango la silaha lina kaunta yake, halichangii hii. Uzuri ni kwamba piti ya wahusika na garantii yake vinahamia bango linalofuata. Usidhani michezo yote ya mivuto iko hivyo.

Sasa tuchukue mchezaji mwenye piti 40, hana garantii, ana Primogem 3,200, na bango limebakiza siku 15. Mvuto ni 160, kwa hiyo ana mivuto 20. Akivuta leo anafika 60, bado nje ya piti laini. Nafasi ya kupata nyota 5 yoyote ni kama asilimia 11, na ya kumpata anayemtaka ni kama 6.

Akitaka uhakika, anahitaji mivuto 50 kumaliza piti, na 90 mingine akikosa: jumla 140. Ana 20, anapungukiwa 120, yaani Primogem 19,200. Kwa bei ya dola, bila ofa ya mnunuzi wa mara ya kwanza, hapo ni vifurushi viwili vya 99.99 na kimoja cha 49.99. Karibu dola 250 kwa mhusika mmoja.

Akinunua `Blessing of the Welkin Moon` ya dola 4.99 anapata 300 papo hapo na 90 kila siku anayoingia. Siku asiyoingia, 90 zake zimepotea. Kwa siku 15 ni 1,650. Aongeze 60 za kazi za kila siku, anapata 900 nyingine. Jumla ana 5,750, mivuto 35, na piti inafika 75. Nafasi ya kumpata anayemtaka inakuwa kama asilimia 17. Mimi ningeishia hapo kwenye kutoa hela, na nisingevuta hata mara moja kabla ya siku ya mwisho: asipompenda sana mhusika huyu, Primogem zote na piti yake ya 40 vinamsubiri bango lijalo.