Jeong ya Wakorea ni nini hasa

Watu wengi wanasema jeong ni upendo wa Kikorea, alafu wanaishia hapo. Mimi naona hapo ndo wanapoikosa, maana kwa upendo unaweza kumpenda mtu leo leo ukimwona tu, ila jeong haiji bila muda, na haikuulizi kama unaitaka. Wakorea wenyewe husema jeong "imeingia", jeongdeulda, yani inaingia yenyewe wakati nyie mko bize na mambo mengine.

Chukulia hasukjip, zile nyumba za kupanga chumba na chakula humo humo ambazo wanafunzi wa vyuo vya Seoul wamekaa miaka mingi. Mama mwenye nyumba anapika asubuhi na jioni, wapangaji wanakula meza moja. Mwanafunzi anachelewa kurudi, mama anafoka, mwanafunzi ananuna kimoyomoyo kwamba huyu mama anaingilia maisha yangu, lakini kesho yake kwenye bakuli la wali mama anaongeza mwiko wa pili, kwa sababu kwao ukimpakulia mtu mwiko mmoja tu wanasema hauna jeong. Hamna aliyeomba msamaha na hamna aliyesema nakupenda. Miaka miwili mitatu inapita hivo hivo, siku ya kuhama mama anamfungia kimchi, ile kabichi yao ya kuchachushwa yenye pilipili, kwenye kopo aende nayo na kijana anashangaa mbona koo linakaba, si ndo huyu huyu alokuwa anamkera?

Hiyo ina jina kabisa, miun jeong, jeong ya mtu anayekuudhi, na pacha wake ni goun jeong, ile ya mtu mnayependezana. Wakorea huzitaja pamoja, hasa wakiongelea wanandoa wa siku nyingi, na wengi watakwambia ya ugomvi ndo ngumu kung'oka. Mazoea yana taabu, wahenga wetu walishasema, ila jeong inazidi mazoea kidogo maana ndani yake kuna kumwonea mtu huruma na kujiona unawajibika kwake.

Sasa ina upande mgumu pia. Mtu mwenye jeong nyingi anashindwa kukataa, anamdhamini mkopo rafiki asiyelipa, au anabaki kwenye uhusiano unaomuumiza na ukimuuliza anakwambia ni jeong tu imebaki. Kuna jeong kudondoka pia, jeong tteoreojida, mara nyingi kwa kitu kimoja kidogo, labda umemsikia mtu wako anavyomdharau mhudumu wa hotelini, na kuanzia hapo hata sauti yake huitaki.

Alafu kuna kuikata makusudi, jeong tteda. Mtu anayejua anaondoka, au mgonjwa aliye karibu kufa, akianza ghafla kuwa mkali kwa watu wake, Wakorea huambiana anawakatia jeong, ili wanaobaki wasiumie sana.