Jina "Nazi Tanga" likivuka mpaka

Chukua chupa ya nusu lita ya mafuta ya nazi yaliyokamuliwa Pangani, ya kupaka nywele na ngozi. Mwenye mali anataka kuyaita Nazi Tanga. Kwa mteja wa Ngamiani jina hilo halina neno: nazi ni nazi, Tanga ni kwao. Sasa mpe Mjerumani chupa hiyohiyo. Neno la kwanza atalisoma "natsi", yaani mfuasi wa chama cha Hitla. La pili, tanga, kwa Kijerumani, Kireno na Kihispania ni chupi ile nyembamba ya kamba. Maneno mawili, na hakuna hata moja litakalokaa rafuni. Umoja wa Ulaya hukataa kusajili alama inayokwenda kinyume na maadili ya jamii, na hakuna mkaguzi atakayekaa kusikiliza kwamba nazi hiyo ni ya kukuna.

Cha ajabu ni kwamba jina hilo ni dhaifu hata hapa nyumbani, kwa sababu nyingine kabisa. Alama ya biashara hutolewa kwa neno linalotofautisha bidhaa yako na ya jirani. "Nazi" inataja kilichomo ndani ya chupa, "Tanga" inataja mahali. Kila mkamuaji wa mkoa huu ana haki ya kuyatumia maneno hayo mawili, hivyo Msajili hawezi kukumilikisha peke yako. Hata ukipenya kwa kuongeza mchoro, kitakacholindwa ni mchoro, na jirani ataendelea kuandika nazi ya Tanga kwenye chupa zake bila wasiwasi.

Watu wengi wakifika hapo hurudi mnazini kutafuta jina jingine. Si vibaya, ila mnazi una mitego yake. Tunda hupita hatua zenye majina: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Koroma linasikika vizuri mpaka ukumbuke mtu aliyelala chali. Kitale ni mji wa Kenya. Dafu lina kasoro mbili: mafuta hayatoki kwenye dafu, hutoka kwenye nazi iliyokomaa, kwa hiyo jina linampotosha mnunuzi; tena linampa mshindani utani wa bure, kwamba mafuta yako "hayafui dafu". Ukimgeukia Tembo kwa kufikiria nguvu za yule mnyama, kumbuka upo pwani, ambako tembo ni pombe ya mnazi, na wateja wako wengi hawanywi. Pangani nalo ni jina la mahali, na Kiarabu hakina herufi ya p, kwa hiyo likiandikwa kwa Kiarabu huwa Bangani. Usishangae mtu akiuliza hiyo bangi iko wapi.

Tujaribu Makuti. Kila mtu wa pwani analijua, linanukia mnazi, lakini halielezi mafuta: hakuna anayekamua makuti. Neno la kawaida lililowekwa kwenye bidhaa lisiloieleza lina nguvu kisheria, na hapo tayari limeshinda Nazi Tanga.

Lakini kabla ya kulichukua, lipime kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni maana. Orodhesha mahali chupa itakapofika kweli, usiorodheshe dunia nzima. Kwa mkamuaji wa Tanga ni Kisambaa, Kibondei, Kidigo na Kizigua kwa wanunuzi wa mkoani. Kiswahili cha Mombasa na Sheng kwa mzigo unaopita Horohoro. Kifaransa kwa Komoro. Kiarabu kwa Omani. Kireno kwa Msumbiji. Kwa kila lugha tafuta watu wawili waliozaliwa nayo, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, kwa kuwa matusi na maneno ya mtaani hayamo kwenye kamusi. Usiwaambie unauza nini. Waulize: neno hili linakukumbusha nini? Linafanana na neno gani baya? Mtoto wa shule angelichekea? Maswali haya ndiyo yangemwokoa anayetaka kuiita peremende yake Pipi kwa soko la Komoro, maana kwa Kifaransa cha watoto pipi ni mkojo. Kinyume chake nako kupo: Mavi ni kampuni ya Kituruki ya suruali za jinzi, na kwa Kituruki neno hilo ni rangi ya buluu tu. Makuti kwa Kireno cha Msumbiji huandikwa Macuti, na maana ni ileile, majani ya mnazi ya kuezekea. Hakuna aibu, lakini umejifunza kitu: mtu wa Beira akikutafuta ataandika kwa c.

Hatua ya pili ni sikio. Pigia simu watu watano, litamke jina mara moja tu, uwaombe wakutumie kwa meseji walivyolisikia. Wanne wakilipata sawasawa, endelea. Majina yanayoanguka hapa ni yenye ng' (mwandishi huacha ile alama, na Ng'ara inageuka Ngara), yenye dh na gh ambazo wengi huzitamka z na g, yenye r na l katika neno moja, na yanayoishia na irabu mbili. Kifuu, kwa mfano, likikosewa kidogo huwa Kifo. Makuti halina hata moja ya matatizo hayo.

Hatua ya tatu ndiyo inayovunja watu moyo, na ndiyo inayorukwa zaidi. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, si hati ya kumiliki alama. Ni sajili mbili, kwa sheria mbili. Unaweza kuwa na cheti cha jina ukutani na bado ukashtakiwa na mwenye alama. Kwa hiyo tafuta kote: kwanza majina kwenye ors.brela.go.tz, kisha omba utafutaji wa alama, halafu pitia bure branddb.wipo.int kwa alama za nchi nyingi. Usitafute MAKUTI peke yake. Andika pia MACUTI, MAKUTY, MAKUTA, MKUTI, kwa kuwa Msajili hulinganisha sura, sauti na maana.

Bidhaa na huduma zimegawanywa katika makundi 45. Mafuta ya nazi ya kupaka ni kundi la 3, pamoja na sabuni. Yaleyale yakiwa ya kupikia ni kundi la 29. Hoteli ni kundi la 43, kwa hiyo hoteli inayoitwa Makuti kwa kawaida haikuzuii. Ila ukikuta MAKUTA kwenye sabuni, simama: sauti inakaribiana na kundi ni moja. Rudi kwenye orodha yako ya majina. Kubadili herufi moja na kuongeza neno "Bora" mbele hakutakuokoa.

Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kujitokeza. Lebo elfu kadhaa zisichapwe kabla ya hapo. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unalinda Tanzania Bara pekee: chupa ikipakiwa jahazini kwenda Pemba inahitaji usajili wa Zanzibar, na ikivuka Horohoro, wa Kenya.

Neno "nazi" halitupwi. Linabaki chini ya jina, kwa herufi ndogo, kama maelezo ya kilichomo: Makuti, mafuta ya nazi. Kwenye chupa za Ulaya mstari huo wa pili huandikwa kwa lugha ya nchi husika.