Droo imepungua, simu imezidi: elfu moja imekwenda wapi?

"Nina duka Langoni, hapa Amu. Jioni nikihesabu, droo imepungua elfu moja, na simu ina pesa nisizozijua. Je, kijana wangu aniibia?"

Swali kama hili niliwahi kuulizwa na mpwa wangu, nikamjibu kwa uhodari kwamba abadilishe kijana. Nilikosea, na kosa langu ni la wengi: tunadhani droo ikipungua lazima kuna mkono. Tunasahau kwamba tangu M-Pesa iingie mwaka 2007, duka dogo lina droo mbili, na moja haionekani.

Tuichukue siku yenyewe ya mpwa wangu. Asubuhi droo ilikuwa na chenji ya 2,000, na laini ya duka ilikuwa na 5,400. Daftari la mauzo linasema keshi 6,100, simu 3,250. Mwenye mikate alilipwa 1,200 kutoka droo. Kwa hiyo droo ilitakiwa iwe na 6,900. Imehesabiwa mara mbili, ni 5,900. Simu ilitakiwa iwe na 8,650, inaonyesha 9,628.

Droo imepungua 1,000. Simu imezidi 978. Mwizi gani anayeiba keshi kisha akaiweka karibu yote kwenye simu ya tajiri wake?

Kilichotokea kimo kwenye taarifa ya laini, si kwenye daftari. Saa tano na robo baharia mmoja alinunua mchele na sukari za 450, akatuma 1,450, akasema, "Nipe hiyo elfu mkononi, natoka na mashua." Kijana akampa. Daftarini akaandika 450, na hapo hakukosea hata kidogo, kwa kuwa bidhaa iliyouzwa ni ya 450. Ile elfu haikuwa mauzo, basi haikuandikwa popote.

Fikiria mitungi miwili ya maji ukumbini. Mtu akichota kata moja kwenye mtungi wa kwanza akamimina kwenye wa pili, nyumba haikupata maji wala haikupoteza. Lakini anayechungulia mtungi wa kwanza peke yake atapiga kelele kuwa maji yameibwa, na anayechungulia wa pili atadhani mvua imenyesha. Kelele na furaha zote mbili ni za bure. Mauzo ni maji yanayotoka kisimani. Kata ile haikutoka kisimani.

Na zile 22 zilizopungua katikati? Ni maji yaliyomwagika njiani. Kwenye laini ya mpwa wangu, ada ni asilimia 0.55 ya kila malipo yanayozidi shilingi 200, na malipo ya namna hiyo siku ile yalifika 4,000. Aina za laini hutofautiana, kwa hiyo ada yako isome kwenye taarifa yako mwenyewe. Hiyo 22 ndiyo gharama ya kweli ya siku, na iandikwe kama gharama.

Wengine, wakiona taarifa inasema 1,450, huifuta 450 na kuandika 1,450 kuwa mauzo. Simu hutulia, droo bado imepungua elfu, basi elfu hiyo nayo huitwa "matumizi". Hesabu inakaa, lakini umejiongezea mauzo usiyoyafanya. Aliye chini ya kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3 atailipia elfu ile shilingi 30, kwa heshima ya kumsaidia baharia.

Dawa yake wahasibu wanayo zamani: daftari la fedha lenye safu mbili, Keshi na Simu. Elfu ile huandikwa mara mbili kwa wakati mmoja, imetoka Keshi 1,000, imeingia Simu 1,000, na pembeni hutiwa herufi C, alama ya kwamba fedha imehama tu ndani ya nyumba. Kijana aandike na saa, papo hapo, kabla mteja hajavuka kizingiti.

Saa ndiyo inayomlinda kila mtu. Upungufu na ziada kukaribiana peke yake si ushahidi tosha, maana huenda zimekutana kwa bahati. Tafuta kwenye taarifa malipo yaliyozidi bei ya bidhaa kwa kiasi kilekile, saa ileile. Ukiyaona, kijana yuko salama. Ikiwa droo imepungua elfu na simu iko sawasawa na daftari, hakuna kata iliyomiminwa, na hapo ule ushauri wangu wa mwanzo waweza kurudi mezani. Na usihesabu kwa ujumbe alioonyesha mteja kwenye simu yake. Hesabu kwa taarifa ya laini yako.

Kijana wa mpwa wangu bado yupo dukani. Baharia naye bado hutuma ziada, ila sasa husubiri C yake iandikwe ndipo ashike elfu.