Gharama halisi ya kikao: saa moja ya watu nane ni shilingi ngapi?

Gharama ya kikao ni thamani ya muda wa watu waliokaa humo, kwa kiwango ambacho mwajiri anawalipa, pamoja na fedha taslimu zilizotoka ili kikao kifanyike. Kanuni ni fupi: gharama ya saa moja ya kila mhudhuriaji, zidisha kwa saa alizotumia, kisha jumlisha. Wengi hukosea pale kwenye "gharama ya saa moja", na wakikosea hapo hupata jibu dogo kuliko lilivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, kampuni ndogo ya kununua parachichi yenye ofisi Uyole, Mbeya. Wafanyakazi ni wanane: meneja analipwa 2,400,000 kwa mwezi, mhasibu 1,200,000, afisa ubora 1,000,000, maafisa ugani wawili wa Rungwe 800,000 kila mmoja, dereva na mtunza stoo 600,000 kila mmoja, na karani 500,000. Jumla ni 7,900,000. Kila Jumatatu wana kikao cha wote, saa tatu asubuhi, na ratiba inasema ni cha saa moja.

Mtu akiulizwa haraka, atachukua 7,900,000, agawanye kwa siku 30, kisha kwa saa 8. Atapata kama 32,900. Akiongeza soda na maandazi, ataona kikao ni cha bei nafuu tu.

Tatizo la kwanza ni pale anapoanzia. Lazima uanze na mshahara ghafi, kabla ya kodi na makato, maana huo ndio mzigo wa mwajiri. Anachopokea mtu mkononi hakifai kwa hesabu hii. Tena juu ya mshahara ghafi kuna michango ambayo haionekani kwenye hati ya malipo ya mfanyakazi. Kwa NSSF, mchango wote ni asilimia 20, na kwa kawaida mwajiri hubeba nusu yake, yaani asilimia 10. Kuna pia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ambayo hulipwa na mwajiri peke yake. Kampuni yetu ina watu wanane, kwa hiyo SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, haiigusi. Hiyo huwahusu waajiri wenye wafanyakazi kuanzia kumi. Basi tunazidisha kwa 1.105, na mzigo wa mwezi unakuwa 8,729,500.

Tatizo la pili ni kigawanyo, na ndilo kubwa zaidi. Siku 30 za mwezi zina Jumamosi na Jumapili ndani yake, na hakuna anayefanya kazi siku zote hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa kwa kugawanya kwa 4.333, ambazo ni wiki za mwezi mmoja, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Kwa ofisi ya saa 40 kwa wiki, hiyo ni saa 173 na kidogo. Njia hiyo inatosha kwa malipo. Kwa gharama, hata hivyo, bado ni ya ukarimu mno, kwa sababu inahesabu likizo na sikukuu kama saa za kazi.

Mwaka una siku 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Toa likizo ya siku 28, ambayo kwa ofisi kama hii hula siku 20 za kazi. Toa pia sikukuu, tuseme 12 zilizoangukia katikati ya wiki. Zinabaki siku 228, sawa na saa 1,824 kwa mwaka, au 152 kwa mwezi. Hizo ndizo saa ambazo kampuni inazipata kweli kwa fedha yake. Gawanya 8,729,500 kwa 152, na saa moja ya watu wote wanane inakuwa 57,431.

Kwenye jedwali la kompyuta, ukiweka mishahara kuanzia B2 hadi B9 na saa za kikao kwenye C1, andika hivi:

```
=SUM(B2:B9)*1.105/152*C1
```

Sasa muda wenyewe. Anza kuhesabu watu wanapoacha kazi zao na malizia wanapozirudia. Jumatatu moja wamekusanyika saa tatu kamili, meneja akaingia saa tatu na dakika 25, wakatoka saa tano. Hizo ni saa mbili, siyo moja: 114,862. Ndani yake, zile dakika 25 za watu saba kumsubiri mmoja zimekula kama 16,700. (Aliyesubiriwa huwa ndiye mwenye mshahara mkubwa, na yeye hasubiri mtu.)

Maafisa ugani wanatoka Rungwe. Tukichukua saa moja na nusu kuja na nyingine kurudi, wawili hao wanaongeza 34,895 za muda wa barabarani. Nauli ya 5,000 kila njia ni 20,000 kwa wote wawili. Chai, 24,000. Karani akitumia saa mbili kuandika muhtasari, weka 7,270. Jumla yote inafika 201,000 hivi, mara sita ya ile hesabu ya haraka. Kodi ya pango usiiongeze, maana ingelipwa hata kikao kisingekuwepo.

Hapo mhasibu mzuri atauliza: lakini mishahara si ingelipwa hata wasipokaa kikao? Ni kweli, na swali lake ndilo linaloweka mpaka wa hesabu hii. Fedha iliyotoka sandukuni ni 44,000 tu, ya nauli na chai. Nyingine zote ni thamani ya kazi ambayo haikufanyika. Ukifuta kikao, akaunti ya benki haitaongezeka 157,000. Utapata saa, na saa hizo zina thamani kama kuna kazi inayozisubiri. Msimu wa kuvuna, afisa ugani akikosekana shambani asubuhi nzima, matunda machanga huchumwa na kuja kukataliwa ghalani; siku hiyo hasara inaweza kuzidi mshahara wake kwa mbali. Miezi ya ukimya, saa ileile huenda isipoteze chochote. Kwa hiyo 201,000 ichukuliwe kama kipimo cha kulinganisha kikao na kikao.

Kuna vikao ambavyo kanuni hii huvipima vibaya kabisa. Penye posho ya kikao, posho ni fedha taslimu juu ya mshahara, na inaweza kuuzidi mshahara wa saa hizo. Ijumlishe peke yake. Upande wa pili wapo wakulima wa chama cha msingi wanaoitwa "kushirikishwa" bila malipo. Kwa kanuni ya mishahara gharama yao ni sifuri, ingawa kila mmoja ameacha shamba lake. Mimi kwao huweka bei ya kibarua wa kutwa kijijini hapo, maana ndiye ambaye mkulima angelazimika kumlipa ili shamba lisisimame.

Turudi Uyole. Bei ya wiki na ratiba ya magari zinawahusu wote wanane, lakini ni mambo ya nusu saa, na maafisa ugani wanaweza kuyasikia kwa simu ya spika wakiwa Rungwe: 28,700. Mjadala wa madeni unabaki kwa meneja, mhasibu na afisa ubora, nusu saa nyingine: 16,700. Chai inaweza kubaki.