Kuchenji gari wakati deni la benki limeipita bei ya gari

Assalaam alaykum. Mie kazi yangu ni mikopo ya magari, na skuhizi swali nnaloletewa sana ni la mtu ana gari ya mkopo, bado hajamaliza, anataka kuipeleka yadi achukue nyengine kubwa zaidi aongeze hela juu. Yadi wanamwambia "wewe lete gari tu, deni la benki tuachie sisi". Hilo neno ndo nataka tulifungue leo, kwa sababu deni haliendi kwa mwenye yadi hata siku moja, linabaki kwako ila linabadilisha nguo.

Nitoe mfano wa hesabu. Kijana anabeba wageni erpoti mpaka Nungwi na Paje, kanunua Noah kwa milioni 20, katoa mwenyewe milioni 2, benki ikampa 18 kwa miezi 48, riba asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio. Marejesho yake yanakuja kama 528,750 kwa mwezi. Kalipa mwaka na nusu bila kuchelewa, yaani ashatoa zaidi ya milioni 9 na nusu, afu anakwenda benki kuuliza anaambiwa bado anadaiwa 12,700,000. Hapo wengi wanahisi wameibiwa. Hawajaibiwa, ila mwezi wa kwanza tu katika ile 528,750 riba ilikuwa 270,000, kwa hiyo nusu ya alichotoa haikugusa deni kabisa, na miezi ya mwanzo yote iko hivohivo, deni linaanza kushuka kwa kasi mbele huko.

Gari nayo haisubiri. Gari ya wageni inakimbia shamba kila siku, chumvi ya bahari inakula chini kwenye chesisi, akija fundi wa yadi akalala chini na tochi akagonga gonga pale nyuma ya matairi basi bei imeshashuka kabla hajainuka. Yadi wakamwambia tunakuchukulia kwa milioni 10. Mtu wa kawaida mtaani angeinunua kwa 12, lakini yadi lazima wabakishe faida yao na hela ya kupiga rangi, hilo siwalaumu.

Sasa deni 12.7, gari 10. Kuna shimo la milioni 2.7 na lazima mtu alijaze, kwa sababu kadi ya gari iko benki na benki haiachii kadi mpaka senti ya mwisho imeingia.

Gari anayoitaka ni milioni 22. Yeye kichwani anapiga hesabu 22 toa 10, natafuta 12. Siyo. Ile 10 yote inakwenda kuzima deni la zamani na bado haitoshi, kwa hiyo mkopo mpya unakuwa 22 jumlisha 2.7, milioni 24.7, kwa gari ya milioni 22, na hajaweka hata shilingi yake. Kwa miezi 48 rejesho lingekuwa kama 725,500 na hapo angeshtuka, kwa hiyo anapewa miezi 60, linashuka 627,000, anaambiwa unaongeza laki moja tu juu ya unayolipa sasa hivi unapata gari mpya. Na ni kweli ni laki moja. Ila alikuwa amebakisha miezi 30 na sasa kaanza 60 upya, na lile shimo la 2.7 peke yake kwa miaka mitano litamtoka kama milioni 4.1, analipia gari ambayo anaendesha mtu mwengine.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata. Baada ya mwaka na nusu mwengine atakuwa anadaiwa kama milioni 19.4. Gari hii ya pili ikishuka kama ilivyoshuka ya kwanza, itakuwa milioni 11. Shimo lilikuwa 2.7, sasa ni 8.4. Nimeona watu wa namna hii, hawawezi kuuza, hawawezi kuchenji, wamefungwa na gari. Na ikipata ajali ikafa kabisa, hata bima kubwa inalipa bei ya gari ya siku ile, hailipi deni lako, kinachobaki unalipa huku unatembea kwa miguu.

Utajuaje kama shimo limefichwa? Angalia profoma. Bei ya ile gari ulizia yadi nyengine mbili tatu, Noah au Alphard ya mwaka uleule na hali ileile. Ukiona wewe umeandikiwa 24.7 na wenzako wanaambiwa 22, basi deni lako la zamani limeingizwa kwenye bei. Au wanakufurahisha, gari yako wanaiandika 12.7 badala ya 10 ili uone umetoka sawa sawa, afu bei ya ile mpya inapanda kwa kiasi hichohicho. Usitazame wanakupa ngapi kwa yako, tazama tofauti baina ya bei mbili na jumla ya deni utakalosaini.

Kwa nyie wa murabaha, na hapa kwetu mko wengi, kuna jambo la kwenu. Kule benki ilinunua gari ikakuuzia kwa bei yenye faida ndani, kwa hiyo deni lako ni bei yote iliyobaki, siyo salio linalohesabiwa riba. Marejesho yakiwa sawa na ya huyu kijana, miezi 30 iliyobaki ni karibu milioni 15.9. Ukilipa mapema benki inaweza kukusamehe sehemu ya faida, lakini inategemea mkataba na uamuzi wao, kwa hiyo omba barua inayosema kiasi cha kufunga deni na punguzo kama lipo, kabla hujaenda yadi kokote. Bila ya punguzo shimo siyo 2.7 tena, linapita 5. Na murabaha ni ya kununua kitu, haikuwekwa kulipia deni la zamani, kwa hiyo ukisikia "tutapandisha kidogo bei kwenye profoma" ujue unaambiwa usaini bei ambayo siyo.

Huyu kijana mie ningemwambia asubiri miezi sita. Akilipa kama kawaida deni linafika kama milioni 10.6, na akiuza mwenyewe kwa mtu, siyo yadi, hata ikishuka ikawa 11 na kitu anatoka na chake. Kama hawezi kusubiri, auze sasa hivi kwa 12 na ile laki saba aitoe mfukoni, inauma lakini inaisha siku ileile. Mnunuzi asimpe hela mkononi, wakutane benki wote watatu, hela iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki itoe barua ya kufunga deni na kadi, ndo mkabadilishe jina.

Na kama umeshaamua yadi, usiache gari na funguo kwa ahadi. Mkopo una jina lako, yadi wakichelewa kulipa miezi miwili ni wewe unaeandikwa huna uaminifu kwenye taarifa za mikopo, na benki nyengine zitaiona hiyo taarifa. Waandike tarehe ya kulipa kwenye mkataba, na mpaka uione barua ya benki wewe endelea kulipa rejesho lako kama kawaida.